Vifurushi Viwili Vimefika, Betri Ziko Wapi?

Oda moja ya mtandaoni yenye bidhaa nne inaweza kusafiri katika vifurushi vitatu, kwa njia mbili tofauti, na kufika kwa siku ambazo hazikaribiani. Mnunuzi aliyelipa mara moja hutegemea kupokea mara moja. Akifungua kifurushi cha kwanza na kukuta kitu kimepungua, wazo linalomjia haraka ni kwamba ameibiwa, ama na muuzaji, ama njiani. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Lakini zipo pia mara ambazo bidhaa haikutumwa kabisa, na mnunuzi akisubiri kwa imani anapoteza haki ya kudai. Ugumu wote uko katika kutofautisha hali hizo mbili mapema, wakati dai bado linapokelewa.

Tuchukue oda ya aina ambayo fundi simu wa Kariakoo anaweza kuiagiza China wiki yoyote. Ndani yake kuna vioo vitatu vya simu kwa Sh 84,000, betri tano za simu kwa Sh 36,000, seti ya bisibisi ndogo kwa Sh 22,000, na mkeka wa silikoni wa kufanyia kazi kwa Sh 18,000. Jumla ni Sh 160,000. Duka likatoa punguzo la Sh 16,000, fundi akalipa Sh 144,000. Wiki kadhaa baadaye anaitwa Posta, anachukua kifurushi chenye vioo. Siku chache mbele anachukua kingine chenye bisibisi na mkeka. Betri hazimo. Kwenye simu yake, ukurasa wa oda unasema mzigo umefika, na chini yake kuna kitufe kinachomwomba athibitishe kwamba ameupokea.

Kitufe hicho ndicho cha kuogopwa kuliko kitu kingine chochote katika habari hii. Katika masoko mengi ya mtandaoni fedha ya mnunuzi hushikiliwa kwanza na soko lenyewe, na muuzaji hulipwa mnunuzi anapothibitisha au muda uliowekwa unapokwisha. Akibonyeza kwa sababu amefurahia vioo, amethibitisha oda nzima, betri zikiwemo. AliExpress, soko linalofahamika sana kwa wanaoagiza China rejareja, kwa muda mrefu limempa mnunuzi siku 15 za kufungua malalamiko baada ya oda kuhesabiwa imekamilika. Saa hiyo huanza kutembea hata kama kifurushi cha tatu bado kiko ghalani Guangzhou. Kwa hiyo fundi wetu haguzi kitufe. Anaanza kwa kuuliza swali ambalo wengi hulisahau: oda hii imegawanywa katika vifurushi vingapi?

Sababu za kugawanya ni za kawaida kabisa. Muuzaji mmoja anaweza kuwa na maghala mawili katika miji tofauti. Kifurushi kidogo cha posta ya kimataifa, kile cha daraja la barua, kina kikomo cha kilo 2, na mzigo ukizidi hapo ni rahisi kuukata vipande viwili kuliko kuupandisha daraja la gharama. Lakini kwa oda yenye betri kuna sababu nyingine yenye nguvu zaidi, nayo ni moto.

Betri za simu ni za lithiamu. Ikipata hitilafu au kutobolewa, betri ya namna hiyo inaweza kuwaka yenyewe na kuiwasha iliyo jirani yake, na moto huo ni mgumu kuuzima ndani ya ndege. Ndiyo maana tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake, bila kuwa ndani ya kifaa wala kufungwa pamoja nacho, zimepigwa marufuku kubebwa kama shehena kwenye ndege za abiria. Zinaweza kupanda ndege ya mizigo tu, tena zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Posta nazo zina kanuni kali. Katika barua na vifurushi vya kimataifa betri ya lithiamu hukubaliwa ikiwa imefungwa ndani ya kifaa chake, kwa mfano simu au saa, na kwa idadi ndogo. Betri tano zilizo peke yake, zikiwa zimefungwa kwenye bahasha ya mapovu, haziruhusiwi. Benki za chaji, zile betri za kubeba mfukoni, nazo huhesabiwa kuwa betri zilizo peke yake, hata kama zina bodi na taa.

Maana yake kwa fundi wetu ni kubwa. Muuzaji anayefuata kanuni hawezi kuzipitisha betri katika njia ile ile ya vioo. Lazima azikabidhi kwa msafirishaji wa shehena mwenye kibali, ambaye hukusanya mizigo ya wateja wengi mpaka ijae nafasi aliyokodi kwenye ndege ya mizigo, au huipeleka kwa meli. Huko hakuna namba ya posta, na hakuna karani wa Posta Kuu anayeweza kuiona. Fundi anaweza kwenda dirishani kila Jumatatu na kujibiwa, kwa kweli kabisa, kwamba hakuna mzigo mwingine wenye jina lake.

Hapo ndipo namba ya kufuatilia inapoanza kuzungumza. Namba za posta ya kimataifa hufuata kiwango cha Umoja wa Posta Duniani kinachoitwa S10. Ni herufi mbili, tarakimu nane, tarakimu moja ya ukaguzi, kisha herufi mbili za nchi ya kutuma. Namba kama RR473124829CN inasema kwamba mzigo ni wa rejista, kwa sababu umeanza na R, na umetoka China. Inayoanza na C ni ya kifurushi kikubwa, na E ni ya huduma ya haraka ya EMS. Inayoanza na U inastahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa imebandikwa hasa kwa ajili ya forodha. Mzigo wa namna hiyo haukuahidiwa kufuatiliwa mpaka mlangoni wala kusainiwa, hivyo unaweza kufika salama huku mtandao ukiwa kimya tangu ulipotoka China.

Namba isiyo na umbo hilo, yenye herufi nyingi au tarakimu kumi na kitu mfululizo, kwa kawaida ni ya msafirishaji binafsi au ya mfumo wa ndani wa soko. Kuitafuta kwenye tovuti ya posta ni kujichosha. Kwanza ni lazima kujua ni ya nani.

Tarakimu ya mwisho kabla ya herufi za nchi ina kazi nzuri ambayo watu wachache huitumia. Ni ya kugundua makosa ya uandishi, na yeyote mwenye kalamu anaweza kuikagua. Tarakimu nane za mwanzo huzidishwa, kwa mpangilio, na 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, kisha majibu hujumlishwa. Kwa 47312482 tunapata 32, 42, 12, 2, 6, 20, 72 na 14, jumla 200. Gawanya 200 kwa 11, kinabaki 2. Ondoa 2 kwenye 11, unapata 9, na kweli tarakimu ya tisa ni 9. Ikitokea jibu ni 10, huandikwa 0. Likiwa 11, huandikwa 5.

Sasa tuseme muuzaji aliandika haraka akageuza tarakimu mbili, akamtumia fundi RR473214829CN. Hesabu ile ile inatoa 199. Ukigawanya kwa 11 kinabaki 1, na 11 ukiondoa 1 ni 10, kwa hiyo tarakimu ya tisa ingekuwa 0. Imeandikwa 9. Namba hiyo haipo duniani, na kosa lake halina uhusiano wowote na posta. Fundi anaweza kumwandikia muuzaji jioni hiyo hiyo kudai namba sahihi, badala ya kusubiri mwezi mzima mtandao uoneshe kitu ambacho hautaonesha kamwe.

Tuseme muuzaji anajibu kwa upole kwamba betri ziliwekwa pamoja na vioo, zote katika kifurushi kimoja, na kwamba pengine zimeibiwa njiani. Jibu hili ni la kawaida, na mara nyingi hutolewa na mhudumu wa duka ambaye hakuwahi kuuona mzigo wenyewe. Kulibisha kwa maneno hakusaidii. Linabishwa kwa mizani.

Kila kifurushi cha kimataifa chenye bidhaa hubandikwa tamko la forodha, stika ya CN22 kwa mizigo midogo au fomu ya CN23 kwa mikubwa. Juu yake huandikwa kilichomo, thamani yake na uzito. Kwenye kifurushi cha vioo cha fundi wetu imeandikwa kilo 0.29. Vioo vitatu na maboksi yake vina uzito wa gramu 240, na bahasha ya kufungia karibu gramu 50. Hiyo ni 290, sawa na stika. Betri moja ya simu ina kama gramu 45, tano ni 225. Kama zingekuwamo, kifurushi kingepimwa zaidi ya nusu kilo pale China kabla hakijaguswa na mtu mwingine. Kifurushi cha pili kimeandikwa kilo 0.77: mkeka gramu 400, bisibisi 310, bahasha 60. Nacho hakina nafasi ya betri. Hivyo hazikuibiwa ndani ya vifurushi hivi viwili, kwa sababu hazikuwahi kuingia humo.

Hesabu ingeweza kutoka upande mwingine. Kama stika ingesema kilo 0.52 na mizani ya dukani ikasoma 0.29, basi kitu kimetoka njiani, na mahali pa kulalamika pangekuwa Posta, tena papo hapo dirishani kabla ya kusaini. Dalili za kifurushi kilichofunguliwa zinaonekana: utepe wa pili juu ya ule wa kwanza, kona iliyopasuka, au utepe wa forodha wenye maandishi yake. Huu wa forodha peke yake haumaanishi wizi, maana maofisa wana mamlaka ya kufungua na kukagua. Lakini ukiungana na uzito uliopungua, ni sababu tosha ya kuomba mzigo upimwe upya mbele ya karani na tofauti iandikwe. Tahadhari moja ni ya lazima: baadhi ya wauzaji huandika uzito wa kukisia kwenye stika. Uzito unaoaminika zaidi ni ule uliorekodiwa na posta au msafirishaji alipopokea mzigo, nao mara nyingi unaonekana kwenye ukurasa wa kufuatilia au kwenye lebo kuu yenye msimbo wa mistari.

Ushahidi unaohitajika ni picha tano au sita: kifurushi kikiwa bado kimefungwa pande zote, lebo ikisomeka, kifurushi juu ya mizani, kilichomo kikiwa kimepangwa mezani. Video ya kufungua bila kukatiza ni bora zaidi. Anayeagiza mara kwa mara anafaa kununua mizani ndogo ya jikoni. Inalipa gharama yake katika dai la kwanza.

Muuzaji akioneshwa picha na hesabu, hubadilisha jibu. Sasa anasema betri zilikwenda kwa njia nyingine, na anatoa namba ya msafirishaji wa shehena. Fundi anaifungua na kukuta mstari mmoja tu, wenye maana kwamba taarifa za mzigo zimepokelewa. Mstari huo huwadanganya wengi. Unaonesha tu kwamba muuzaji amechapisha lebo. Mzigo haujapokelewa na msafirishaji mpaka uonekane mstari wa pili wenye mahali na saa ulipopokewa. Lebo iliyokaa wiki tatu bila mstari wa pili ni lebo iliyobandikwa kwenye boksi lililobaki rafuni, au isiyobandikwa popote.

Kuna ombi ambalo wauzaji hulitoa hapa, na linahitaji msimamo. Huomba mnunuzi afute malalamiko ili watume betri nyingine. Katika masoko mengi malalamiko yakifutwa na muda ukapita, hayafunguliki tena, na betri zikikosa kufika mara ya pili mnunuzi hana pa kushika. Salama ni kuyaacha wazi mpaka mzigo mpya umefika, au kumtaka muuzaji arefushe muda wa ulinzi kwanza na kuhakikisha tarehe mpya imeonekana kwenye ukurasa wa oda.

Kiasi cha kudai nacho kina hesabu yake. Betri ziliorodheshwa kwa Sh 36,000, lakini punguzo la Sh 16,000 liligusa oda nzima, yaani asilimia 10. Kwa hiyo alichozilipia betri ni Sh 32,400, na hicho ndicho atakachorudishiwa. Akidai oda nzima ya Sh 144,000 huku picha zake mwenyewe zikionesha vioo na bisibisi mezani, anampa mwamuzi sababu ya kumkatalia. Kama alilipia usafiri kando, sehemu ya betri katika gharama hiyo pia ni yake.

Soko likigoma, wapo wengine wa kuwaendea, ingawa kila mmoja ana mpaka wake. Posta inaweza kufungua uchunguzi kwa fomu ya CN08, na kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinatoa miezi 6 tangu siku inayofuata ile ya kutuma. Lakini uchunguzi huo kwa kawaida huombwa na mtumaji kwenye posta ya kwake, na fidia humlenga yeye. Kwa mzigo wa U, au uliopita kwa msafirishaji binafsi, njia hii haina msaada.

Aliyelipa kwa kadi ana mlango mwingine. Mfumo wa Visa una kundi maalumu la malalamiko ya bidhaa isiyopokelewa, lenye namba 13.1, na linagusa hata sehemu ya oda. Benki hupewa siku 120 za kuyafikisha, zikihesabiwa tangu malipo yalipopitishwa au tangu siku ya mwisho ambayo mzigo ulitarajiwa. Hili linawahusu pia wanaotumia kadi za mtandaoni zilizounganishwa na pesa za simu, kama M-PESA GlobalPay iliyoanza Kenya mwaka 2022. Hapo fundi huhitaji kuonesha tarehe iliyoahidiwa, kwa hiyo picha ya ukurasa wa oda wenye tarehe hiyo ni bora ipigwe siku ya kulipa, kabla haijabadilishwa.

Sheria ya nyumbani ni ngumu zaidi kwake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, na mwenzake ya Kenya, Sura ya 31, zote zina mizizi katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Zinampa mnunuzi ulinzi mmoja mzuri: bila makubaliano halazimiki kupokea mzigo kwa mafungu. Lakini zina pia kifungu cha zamani kinachochukulia kwamba, pale muuzaji anaporuhusiwa kutuma, bidhaa ikikabidhiwa kwa msafirishaji imekabidhiwa kwa mnunuzi, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Kifungu hicho kilitungwa enzi za meli na treni, na kinamwacha mteja wa leo akibeba hatari ya safari asiyoichagua. Ulaya wamekwenda njia nyingine. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 83 la mwaka 2011 linasema hatari inabaki kwa mfanyabiashara mpaka mteja ashike mzigo mkononi. Na pale bidhaa za oda moja zinapoletwa kwa nyakati tofauti, siku 14 za kughairi huhesabiwa tangu ifike bidhaa ya mwisho. Mswahili aliyeko Hamburg akinunua kwa mfanyabiashara anayebanwa na sheria hiyo, kifurushi cha kwanza hakianzishi saa yake. Wa Kariakoo anayenunua China analindwa na masharti ya soko alilonunulia, na ndiyo maana tarehe za masharti hayo zina uzito mkubwa kwake.

Tuseme fundi wetu ameshinda. Sh 32,400 zimerudi kwenye kadi. Wiki mbili baadaye anapigiwa simu na ghala la wakala wa mizigo karibu na uwanja wa ndege: kuna boksi dogo lenye namba yake, na ndani yake mna betri tano. Hutokea kweli, hasa kwa mizigo iliyongoja ndege ya shehena ijae. Kabla ya kuzitumia anazikagua, maana betri iliyovimba au yenye ganda lililokunjamana haifai kuwekwa kwenye simu ya mteja hata kama ni mpya. Zikiwa nzima, fedha si yake tena. Masoko mengi hayana kitufe cha kurudisha malipo, hivyo wauzaji na wanunuzi wana njia yao: anamwandikia muuzaji kwamba mzigo umefika, anaagiza bidhaa ile ile kwa bei ile ile, na kwenye nafasi ya ujumbe anaandika kwamba hii ni malipo ya oda ya zamani, namba fulani, usitume kitu. Kisha anasubiri muuzaji akubali kwa maandishi, na hapo anathibitisha amepokea.